Shajara ya mradi: kuutafutia utenzi wa mavuno tuni ambayo watu tayari wanaijua

3 Mei: maneno yamefika

Bibi mmoja wa usharika wetu, mtunzi wa siku nyingi, ameleta utenzi wa sikukuu ya mavuno. Una beti saba. Mchungaji ameupenda na anataka uimbwe na kanisa zima, si kwaya peke yake, tarehe 22 Juni. Muda wa kuwafundisha watu tuni mpya haupo. Kwa hiyo kazi niliyopewa ni kuchukua maneno mapya na kuyatafutia tuni ambayo hata mzee wa benchi la nyuma anaijua bila kitabu.

Naandika hapa kila hatua inapokamilika, ili mwalimu wa kwaya mwingine akipewa kazi kama hii asianzie nilipoanzia mimi.

Hizi ni beti mbili za kwanza, kwa idhini yake:

Mvua imetunyeshea
Mbegu zote zikamea
Leo tunakutolea
Zao letu la shambani

Njaa ilipotujia
Mtoto akalilia
Mungu alitusikia
Akatupa tumaini

Kabla ya kugusa kitabu chochote ni lazima ujue kila mstari una mizani ngapi, na hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilihesabu vokali. Ubeti wa kwanza ulinipa nane kila mstari, safi. Ubeti wa pili ukanipa 8.7.8.8. Nikajiambia bibi ameteleza kwenye "Mtoto akalilia", nikampigia simu kumweleza kwa adabu kwamba kuna mstari umepungua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Umepungua wapi?"

Nikamsomea. Akacheka kwanza. "Mwalimu, hiyo *m* umemwachia nani? Piga makofi: m, to, to, a, ka, li, li, a."

Nane. Ile *m* ya "mtoto" inatamkwa peke yake, kwa hiyo ni mizani kamili ingawa haina vokali. Basi nikaruka upande wa pili: nikaanza kuipa mizani kila *m* iliyotangulia konsonanti, na "Mvua imetunyeshea" ikawa na mizani tisa. Hapana tena. "Mvua" ni *mvu-a*, mbili tu, na "mbegu" ni *mbe-gu*. Lakini "mvuvi" ni *m-vu-vi*, tatu. Macho hayawezi kukuambia tofauti hiyo, mikono inaweza. Sema neno polepole huku ukipiga kofi kwa kila pigo la mdomo, na andika namba pembeni ya mstari.

Matokeo: beti zote saba, mistari yote, 8.8.8.8.

Gharama ya leo: muda wa maongezi na aibu kidogo.

10 Mei: faharasa ya mizani

Ninacho kitabu cha nyimbo cha Kiingereza chenye nota, kilichobaki ofisini tangu zamani. Nyuma kabisa, baada ya orodha ya watunzi, kuna kurasa ambazo kwa miaka mingi nilidhani ni namba za kiwandani. Ndiyo faharasa ya mizani. Humo tuni hazikupangwa kwa maneno ya wimbo bali kwa urefu wa mistari. Kila kichwa ni safu ya namba, na kila namba ni idadi ya silabi za mstari mmoja. Chini ya kichwa zimeorodheshwa tuni zenye umbo hilo, kila moja kwa jina lake yenyewe, kwa herufi kubwa.

Mapimo matatu yanayotumika sana yamepewa herufi badala ya namba. C.M. ni 8.6.8.6. L.M. ni 8.8.8.8. S.M. ni 6.6.8.6. Ukiona D baada ya namba, maana yake umbo hilo linarudiwa mara mbili, kwa hiyo 8.7.8.7 D ni wimbo wa mistari minane.

Jina la tuni halifanani na maneno yake, na hilo huwachanganya wengi. Tuni ya "Yesu kwetu ni rafiki" inaitwa CONVERSE, kwa jina la Charles Converse aliyeitunga mwaka 1868. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yameshaandikwa na mtu mwingine kabla yake, mwaka 1855. Tuni na maneno ni vitu viwili vilivyokutanishwa, na vinaweza kutenganishwa. Ndiyo sababu faharasa hii ipo.

Nikaenda moja kwa moja kwenye L.M. Tuni ni nyingi mno, safu baada ya safu. Nikachukua penseli na kuweka alama zile tu ninazojua zinaimbwa kwetu bila kitabu. Zikabaki chache, na ya kwanza kati yake ni OLD HUNDREDTH. Kila mtu anaijua. Ina historia ya kuhamahama pia: ilichapwa katika zaburi za Geneva mwaka 1551 kwa Zaburi ya 134, Waingereza wakaihamishia Zaburi ya 100, na jina likabaki hapo. Nikasema kama imehama mara moja, itahama tena.

Nikachapa karatasi 60 za beti zote saba, tayari kwa mazoezi. Kopi moja shilingi 100, jumla 6,000. Hizo 6,000 zimepotea. Usichape chochote kabla ya kuimba.

11 Mei: imeshindikana, na sababu yake

Baada ya ibada nilibaki na kwaya, watu 14. Nikawapa sauti, wakaanza. Namba zilikuwa sawasawa, hakuna silabi iliyozidi wala iliyopungua. Lakini walipomaliza ubeti wa kwanza walitazamana, na mama mmoja wa sauti ya pili akasema, "Mwalimu, tunaimba kama mzungu anayejifunza Kiswahili."

Alikuwa sahihi. Huu ndio mstari wa kwanza wa OLD HUNDREDTH kwa solfa:

```
d    d  t,  l,  s,  d    r    m
Mvu  a  i   me  tu  nye  she  a
```

Noti ya mwisho, `m`, ndiyo ndefu na nzito. Tuni nzima imejengwa hivyo, kila mstari unatua kwa kishindo kwenye silabi ya nane. Kiingereza kinaipenda hali hiyo kwa sababu kina maneno mengi ya silabi moja ya kutulia hapo. Kiswahili mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema *nyeSHEa*, *shaMBAni*, *tumaIni*. Tuni ikatulazimisha kuimba *nyesheAAA* na *shambaNIII*. Masikio yanakataa hata kama mtu hajui kueleza kwa nini.

Kwa hiyo namba za faharasa zinakuambia mstari una silabi ngapi, hazikuambii uzito unaangukia wapi. Baadhi ya faharasa hutenganisha tuni zinazoanza na pigo jepesi na zinazoanza na pigo zito ndani ya kichwa kimoja. Yangu haitenganishi.

Jioni niliketi na kufikiria kidogo kuhusu mistari ya utenzi. Mwanzoni mwa mstari mkazo unatangatanga: "Njaa" inaubeba kwenye silabi ya kwanza, "mtoto" kwenye ya pili. Hilo halisumbui sana, msikilizaji analisamehe. Lakini mwisho wa mstari hautangitangi. Mstari wa mizani nane wa Kiswahili utakuwa na mkazo kwenye ya saba karibu kila mara. Basi ninachotafuta si L.M. yoyote. Ninatafuta tuni ya mistari ya nane inayoishia kwa noti mbili, ya kwanza nzito na ya pili nyepesi. Nimeuita mwisho mwepesi.

17 Mei: inayofaa kabisa ambayo hakuna anayeijua

Nimepitia faharasa upya. Njia ninayotumia ni rahisi: nafungua tuni, naimba mstari mmoja kwa "la", nikifika mwisho najiuliza kama noti ya mwisho naweza kuiimba kwa sauti ya chini bila wimbo kuvunjika. Ikikubali, ni mwisho mwepesi.

Chini ya L.M. karibu zote zilikataa. Lakini kwenye zile za nane zilizorudiwa mara mbili nikakuta SCHMÜCKE DICH, tuni ya Kijerumani ya Johann Crüger ya mwaka 1649. Mistari minane, kila mmoja silabi nane, inaanza na pigo zito na yote inaishia kwa mwisho mwepesi. Nikaimba utenzi wa bibi juu yake nikiwa peke yangu ofisini, beti mbili kwa mzunguko mmoja wa tuni, na kila mkazo ukaangukia mahali pake. Nusura niruke. Mjerumani wa karne ya 17 na bibi wa usharika wetu walikuwa wakihesabu kitu kimoja.

Nikawafundisha kwaya siku hiyo hiyo kwa saa moja na nusu. Wanakwaya waliipata. Kesho yake, tarehe 18, tukaijaribu na kanisa kabla ya ibada. Kwaya iliimba, kanisa likasikiliza. Tuliporudia, wakasikiliza tena, wengine wakitikisa vichwa kwa heshima. Ni tuni nzuri ya kufundishwa kwa miezi mitatu. Kwa kazi niliyopewa haifai, kwa sababu sharti la kwanza lilikuwa watu waijue.

Soda za mazoezi, chupa 14 kwa shilingi 1,000, ni 14,000. Nimeiweka tuni akiba.

24 Mei: mlango wa jirani

Nilikuwa nimejifungia ndani ya kichwa cha nane tupu. Leo nimefanya kinyume: badala ya kuanza na namba nikaanza na watu. Niliandika tuni kumi ambazo usharika unaziimba kwa macho yaliyofumba, kisha nikatafuta kila moja iko chini ya kichwa kipi. Nne kati ya kumi zilikuwa 8.7.8.7 au 8.7.8.7 D, ikiwemo CONVERSE.

Ukiitazama 8.7.8.7 kwa macho ya Kiswahili, nusu yake ni yetu. Mistari ya nane kwa kawaida ina mwisho mwepesi, ni nusu ya utenzi iliyokamilika. Tatizo ni mistari ya saba, ambayo inaishia na noti moja ndefu na nzito. Hata maneno ya Kiswahili yaliyozoeleka yana kasoro hiyo. Mstari wa kwanza, "Yesu kwetu ni rafiki", unakaa vizuri ajabu. Wa pili ni "hwambiwa haja pia". Mizani saba, hesabu imetimia, lakini sema kwa kawaida uone: *hwaMBIwa HAja PIa*. Mikazo iko kwenye silabi ya pili, ya nne na ya sita. Mapigo mazito ya tuni yako kwenye ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Mstari mzima umepinduliwa. Hatuusikii kwa sababu tumeukuta tangu utotoni, ila maneno mapya hayapewi msamaha huo.

Wazo la kwanza lilikuwa kumwomba bibi apunguze mizani moja kwenye kila mstari wa pili na wa nne. Nilimwendea kwa bodaboda, kwenda na kurudi shilingi 3,000. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwalimu, ukikuta kanzu ndefu kuliko mtu unamkata mtu miguu?" Na hata angekubali ningepata mistari ya aina ya "hwambiwa haja pia". Kukata kungetibu hesabu na kuacha ugonjwa.

Suluhisho lilikuwa kwenye tuni yenyewe. Hii ni mistari miwili ya kwanza ya CONVERSE:

```
s    s  l  s   m   d    d    l,
Mvu  a  i  me  tu  nye  she  a

s,   d   m   d   s   m   r
Mbe  gu  zo  te  zi  ka  mea?
```

Mstari wa kwanza umekaa. Wa pili una noti saba, lakini `r` ya mwisho ni ndefu, inashikiliwa muda wote ambao mstari wa kwanza uliutumia kwa noti mbili, `d` na `l,`. Basi nikaipasua:

```
s,   d   m   d   s   m   r   r
Mbe  gu  zo  te  zi  ka  me  a
```

Hakuna noti mpya iliyoongezwa, hakuna pigo lililozidi. Sauti ile ile inapigwa mara mbili, ya kwanza ndefu, ya pili fupi na nyepesi. *ZikaMEa.* Mara moja wimbo ukawa wa Kiswahili. Mistari yote minne ya saba ndani ya CONVERSE inaishia na noti ndefu, kwa hiyo yote inapasulika, na tuni ya 8.7.8.7 D inageuka kuwa 8.8.8.8 D.

Kuna zawadi sikuitegemea. Utenzi una vina vitatu vinavyofanana halafu kina cha nne kinachorudi beti zote, kile cha bahari. Hapa ni *-ni*. Katika CONVERSE mstari wa pili unaishia kwenye `r`, sauti inayoning'inia, inayotaka kuendelea, na wa nne unatua kwenye `d`, nyumbani. Wa nane vilevile. Kwa hiyo kila mara "shambani" na "tumaini" vinapofika, tuni nayo inafika.

Kwa anayeandika maneno mapya kabisa na hataki kupasua noti, ipo njia nyingine niliyoijaribu pembeni: kila mstari wa noti saba uishie na neno lenye vokali moja iliyorudiwa, kama *juu*, *kuu*, *taa*, *saa*. "Bwana wetu ni mkuu" ni mizani nane kwa kuhesabu, lakini *kuu* inaimbwa kwa pumzi moja kwenye noti ndefu, na mkazo wake uko hapo hapo. Inakaa kwenye noti saba kama imeshonewa. *Pia* na *leo* hazifai, vokali zake mbili ni tofauti na zinataka noti mbili.

31 Mei: beti saba haziingii kwenye jozi

Kosa la kitoto. Tuni ya D inameza beti mbili kwa mzunguko mmoja, na sisi tunazo saba. Mzunguko wa nne ungeishia katikati, mahali ambapo tuni imeshatua lakini haijamaliza, na kanisa lingeingia nusu ya pili bila maneno.

Nilifikiria kurudia ubeti wa kwanza mwishoni, lakini beti ya kwanza inasema mvua *imetunyeshea*, na kuirudia baada ya shukrani zote ni kurudisha jembe shambani siku ya kuvuna. Nikarudi kwa bibi, shilingi 3,000 nyingine. Akanikaribisha uji, akaingia ndani, akarudi baada ya muda na huu:

Na mwakani tujalie
Mvua isitukimbie
Ghala tupu tujazie
Tuje tena kwa shukrani

Nikapiga makofi. Mstari wa mwisho ni nane ukisema *shu-kra-ni*. Ila kwetu wengi husema *shukurani*, ambayo ni nne, na mstari unakuwa tisa. Bibi anasema shukrani na hataki mjadala. Nimeiandika hivyo kwenye karatasi, na kwenye mazoezi nimewasomesha neno hilo peke yake kabla ya kuliimba.

7 Juni: mazoezi, mambo mawili yaliyoharibika

Kwanza, kinanda. Mpigaji wetu alipiga kama kitabu kinavyosema: noti ndefu mwishoni mwa mistari ya saba. Kwaya ikifika "zika-me-" inasikia kinanda kimeshikilia, nayo inashikilia, na ile *a* ya mwisho inamezwa. Tukawa tunaimba "mbegu zote zikame". Nilipoteza robo saa nikiwafokea wanakwaya kabla sijagundua kwamba kosa si lao. Nikachukua penseli nikachora mkia wa pili kwenye noti zile nne, sauti zote nne za kwaya, nikamwomba mpigaji azipige mara mbili. Tatizo likaisha papo hapo. Ukipasua noti ya sauti ya kwanza peke yake ukasahau besi, besi watawavuta wengine warudi.

Pili, "Mtoto akalilia". Pigo la kwanza la mstari ni zito na refu, na silabi inayoliangukia ni *m*. Mdomo umefungwa. Wanakwaya wengi waliiunganisha na kuimba *mto-to* kwa noti mbili, wakafika mwisho wa mstari wakiwa wamebakiwa na noti moja bila silabi. Ni lile lile kosa langu la tarehe 3, sasa linafanywa na watu 14. Nilijaribu kuwafundisha kuvuta "mmm" kwa midomo iliyofungwa. Wanne waliweza.

Nikampigia bibi nikiomba ruhusa ya "Watoto wakalilia". Mizani ni zile zile nane, *m* imekuwa *wa*, mdomo unafunguka. Nilitegemea kukataliwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Weka. Njaa ile haikumliza mmoja."

Soda 14,000 tena.

15 Juni: jaribio na kanisa

Karatasi mpya 60, shilingi 6,000, safari hii baada ya kuimba. Kinanda kikaanza na mstari mmoja wa CONVERSE kama utangulizi, na nusu ya kanisa, bila kuangalia karatasi, ikaanza "Yesu kwetu ni rafiki". Mtu mwenye tuni moyoni ana maneno yake humo humo, na utangulizi ndio unaoyaamsha.

Marekebisho: hakuna utangulizi wa kinanda. Kwaya inaimba mzunguko wa kwanza peke yake, beti mbili, kanisa limekaa na karatasi mkononi. Wanasikia maneno mapya juu ya tuni ya zamani na wanasikia noti zilizopasuliwa. Kisha wanasimama na wote wanaanza upya. Tulijaribu hivyo mara moja. Mzunguko wa pili walikuwa nasi, wa tatu walikuwa mbele yetu.

Tumeongeza mwendo pia. Kwetu CONVERSE huimbwa taratibu kama sala, na kwa mavuno ilisikika kama tunaomboleza mahindi. Usiongeze sana, noti iliyopasuliwa ikienda haraka ile silabi nyepesi inageuka kigugumizi.

22 Juni: siku yenyewe

Imeimbwa, mizunguko minne, wakati watu wakileta mazao mbele. Foleni ilikuwa ndefu kuliko wimbo, tukairudia. Kwenye "shukrani" upande wa wanaume walisema shukurani na wakachelewa pigo moja, upande wa wanawake wakawasubiri.

Hesabu yote: kopi 12,000 (nusu yake hasara ya tarehe 10 Mei), soda 28,000, bodaboda 6,000, maongezi ya simu 2,000. Jumla 48,000.

Bibi amenisimamisha mlangoni baada ya ibada na karatasi nyingine. Safari hii ni shairi la mizani kumi na sita kwa mstari, mistari minne, na hakuna kichwa cha 16.16.16.16 kwenye faharasa yangu. Lakini kila mstari una vipande viwili vya nane, na vipande nane vya nane ni 8.8.8.8 D. SCHMÜCKE DICH bado ipo akiba, na safari hii ninayo miezi sita.